Nje ya mende na vyura: maswali ya semina kuhusu Nyangarata

Semina ya Alhamisi naiongoza mimi, na kwa kuwa natoka Nyahanga, Kahama, nimechagua habari ya kwetu. Tarehe 5 Oktoba 2015, duara la wachimbaji wadogo liliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alifia chini. Walionusurika walisema walikula mizizi, vyura na mende. Dunia nzima ikaipata habari hiyo, na sehemu kubwa ya taarifa ilitanguliza mende.

Swali la kwanza: nani anaongea? Chukua taarifa yoyote ya ajali ile, pigia mstari kila "alisema", kisha pembeni andika mtu huyo alijuaje. Aliyekaa chini siku 41 ndiye chanzo bora kuhusu njaa, giza na kifo cha mwenzake. Lakini ukitaka kujua kwa nini duara lilianguka, unahitaji watu wengine: mwenye leseni, mkaguzi wa migodi, na fundi aliyeweka matimba ya kuzuia kuta, kama yaliwekwa. Wasipokuwepo, sababu ya ajali haitaonekana kwenye habari, hata kama kila sentensi ni ya kweli.

Swali la pili: habari imewekwa kwenye fremu gani? "Muujiza" unamalizika mtu akifika juu. "Usalama kazini" ndiyo kwanza unaanza hapo. Angalia pia majina. "Mvamizi" na "mchimbaji mdogo" wanaweza kuwa mtu yuleyule kwenye shimo lilelile, ila neno la kwanza linamtupia lawama kabla hujasikia kesi. Mwandishi akilitumia, aonyeshe kwanza kwamba leseni haikuwepo.

Swali la tatu: kichwa kinasema nani kafanya nini? Linganisha hivi viwili nilivyotunga mwenyewe: "Waishi kwa mende siku 41" na "Watano watolewa hai, mmoja afariki, duara la Nyangarata". Cha kwanza kitasomwa zaidi, hilo sibishi. Lakini aliyekufa hayumo, na mahali hapamo. Cha pili kimewataja wote sita, ingawa nacho kinasema "watolewa" bila kusema nani kawatoa.

Tusimwonee mwandishi wa siku ya kwanza. Anakimbizana na muda, na walionusurika ndio wanaopatikana. Ndiyo maana kazi ya kuja nayo Alhamisi ni hii: tafuta taarifa mbili za Nyangarata, moja ya siku ya uokoaji na nyingine ya wiki au mwezi baadaye, uhesabu vyanzo vya kila moja. Kama ya pili bado inazungumzia mende tu, hapo kisingizio cha muda kimekwisha.