Kete Juu ya Kete

Oktoba 1970, katika safu yake ya michezo ya hesabu kwenye jarida la Scientific American, Martin Gardner aliwajulisha wasomaji Mchezo wa Uhai, uliobuniwa na John Conway, mwanahisabati wa Cambridge. Ni ubao wa miraba tu. Mraba wenye kete u hai, mtupu umekufa, na kila mmoja una majirani wanane wanaougusa, wa pembeni wakiwemo. Ulio hai hubaki hai ukiwa na majirani hai 2 au 3, la sivyo hufa. Mtupu huzaa kete ukiwa na majirani hai 3 kamili. Miraba yote hubadilika kwa mpigo mmoja.

Huo mpigo mmoja ndio mgumu, kwa sababu mkono hugusa mraba mmoja baada ya mwingine, na kompyuta nayo vivyo hivyo. Chora miraba tisa, mitatu kwa mitatu, kisha upange vizibo vitatu vya soda katika mstari wa kati. Kwa kanuni za Conway, mstari huo uliolala unapaswa kusimama wima. Sasa ubadilishe miraba papo hapo, ukianzia pembe ya juu kushoto. Wa kwanza una majirani hai 2, unabaki mtupu. Wa pili una 3, unaweka kizibo. Ukifika wa tatu unahesabu 3, unaweka kingine, na hapo umeshakosea: mmoja kati ya hao watatu ni yule uliyemzaa sekunde chache zilizopita. Kizazi kipya kimehesabiwa pamoja na cha zamani.

Wengi hutumia ubao wa pili: unasoma wa kwanza, unaandika kwenye wa pili. Dawa hiyo inafanya kazi, ila ubao unakuwa maradufu. Gardner aliwapa wasomaji wake njia nyingine, nami naiona ndiyo nzuri zaidi. Kila kete nyeusi inayotakiwa kufa, ipandikize kete nyeusi ya pili juu yake. Kila mraba mtupu unaotakiwa kuzaa, weka kete nyeupe. Usiondoe chochote mpaka umalize ubao wote. Ndipo uondoe zilizopandiana, na nyeupe uzibadilishe kuwa nyeusi. Wakati wote wa kuhesabu, macho yanajua kwamba kete mbili zilizopandiana bado ni jirani hai, na nyeupe bado si jirani. Mraba mmoja unabeba jana na kesho.

Kwenye kompyuta kete hizo ni biti mbili za namba moja. Biti ya chini, yenye thamani 1, ni hali ya zamani. Ya pili, yenye thamani 2, ni hali mpya. Basi 0 ni mtupu unaobaki mtupu, 1 alikuwa hai na anakufa, 2 ndiyo kwanza anazaliwa, 3 alikuwa hai na anabaki. Ikiwa `n` ni idadi ya majirani hai, hukumu ya kila mraba ni hii:

```
if (n == 3 || (n == 2 && (a[i][j] & 1)))
    a[i][j] |= 2;
```

Kwa vizibo vyetu, baada ya kupita ubao wote tunapata:

```
0 2 0
1 3 1
0 2 0
```

Kisha tunapita mara ya pili na `a[i][j] >>= 1`, inayotupa biti ya zamani na kuishusha mpya mahali pake. Safu ya kati inabaki na 1 tatu, juu hadi chini. Mstari umesimama.

Kosa linalowanasa wengi liko kwenye kuhesabu `n`. Lazima kila jirani asomwe kwa `& 1`, biti ya zamani peke yake. Ukijumlisha namba nzima, mraba wa juu kulia utapata 2+1+1, yaani 4, na utabaki mtupu, jibu sahihi kwa bahati. Kosa litajitokeza safu ya pili: kizibo cha kushoto kina jirani hai mmoja tu, lakini hesabu inasema 3, nacho kinaokoka. Kwa hiyo usiridhike kwa kuona miraba ya mwanzo iko sawa. Endesha vizazi viwili: mstari usiporudi kulala kama ulivyoanza, kagua hesabu ya majirani. Na kama hata waliopaswa kubaki hai wanakufa mara moja, huenda umesahau kuwawekea waliookoka biti ya pili; kushusha biti kunawafuta wote.

Akiba hii ya nafasi ina mpaka wake. Ubao wa 1,000 kwa 1,000 unaotumia baiti moja kwa kila mraba huchukua baiti milioni moja, na katika kila baiti biti saba zimekaa bure. Tunaazima moja kati ya hizo, na ubao wa pili hauhitajiki. Lakini ukiwa umeshaubana ubao ili kila mraba uwe biti moja tupu, hakuna ya kuazima. Kuongeza biti ya pili hapo ni sawasawa na kutengeneza ubao wa pili. Kwa ubao kama huo ni afadhali kuweka kando nakala ya zamani ya safu mbili tu, ile iliyopita na ile unayoishughulikia, maana safu ya chini bado haijaguswa.