Bei ya Unga Kati ya Kinu na Bekari

Tuchukue kampuni moja yenye vitengo viwili: kinu cha kusaga ngano na bekari. Kila meneja hupimwa kwa faida ya kitengo chake. Bekari inahitaji mifuko 2,000 ya unga kwa mwezi. Kinu kiiuzie kwa bei gani?

Kusaga mfuko mmoja, yaani ngano, umeme na kifungashio, kunagharimu shilingi 60,000. Nje mfuko huuzwa shilingi 80,000, lakini 4,000 huishia kwenye usafiri na kamisheni.

Tuanze na mnunuzi. Mkate unaotokana na mfuko mmoja huuzwa shilingi 130,000, na gharama nyingine za kuuoka ni 45,000, hivyo bekari ingeweza kumudu hadi 85,000. Lakini kuna msambazaji wa nje anayeuza unga wa ubora uleule kwa 78,000. Kikomo cha juu ni kile kidogo kati ya hivyo viwili: 78,000.

Kikomo cha chini hutegemea mashine za kinu. Zikiwa na nafasi ya kutosha, kuihudumia bekari hakumnyimi unga mteja yeyote, hivyo 60,000 inatosha. Hapa ndipo kampuni nyingi hukosea. Mhasibu huongeza, tuseme, 20,000 za kodi ya jengo na mishahara ya kudumu, bei inafika 80,000, na bekari inakwenda nje. Gharama hizo za kudumu hazipungui hata senti moja, ilhali kampuni imelipa 78,000 kwa kitu ambacho kingeigharimu 60,000. Kwa mifuko 2,000, hiyo ni hasara ya shilingi milioni 36 kila mwezi, nayo haionekani katika hesabu za kitengo chochote.

Kinu kikiwa kimejaa, kila mfuko unaokwenda bekari umetolewa kwa mteja wa nje. Faida inayopotea ni 80,000 kutoa 60,000 na 4,000, yaani 16,000. Bei ya chini inakuwa 76,000. Nafasi ya kukubaliana ni 2,000 tu, lakini ipo, kwa sababu biashara ya ndani haina kamisheni. Gharama ya kuuza nje ingekuwa 1,000, bei ya chini ingefika 79,000, na uamuzi sahihi ungekuwa bekari inunue nje. Mkurugenzi anayelazimisha vitengo viuziane hapo anaitia kampuni hasara.

Hali ngumu zaidi ni kinu chenye nafasi ya mifuko 500 tu. Hiyo 500 inadai 60,000 kila mmoja, na 1,500 iliyobaki 76,000. Wastani ni 72,000. Msambazaji wa nje akishusha bei hadi 74,000, wastani huo utaonekana bado nafuu, lakini kila mfuko kati ya ile 1,500 utaipotezea kampuni shilingi 2,000. Bekari ichukue 500 ndani na nyingine ikanunue nje.