Safari ya Mwanza italipa?

Dokezo la kuomba safari ya kikazi likirudi na neno "fafanua", mara nyingi tatizo halikuwa nauli. Mwombaji aliandika kwamba anakwenda "kuimarisha uhusiano na wateja", na bosi hakuona mahali pa kuiweka sentensi hiyo kwenye hesabu zake.

Tuchukue mfano wa afisa mauzo wa kampuni ya vifungashio ya Dar es Salaam. Anataka kwenda Mwanza kuonana na kiwanda kinachotafuta mtu wa kukiuzia mifuko. Nauli ya ndege kwenda na kurudi tuseme ni shilingi 500,000, hoteli ya usiku 3 ni 240,000, posho ya chakula 160,000, na teksi 100,000. Jumla ni shilingi milioni 1.

Kiwanda kikikubali, kitanunua bidhaa za milioni 30 kwa mwaka. Hapo ndipo wengi hujikwaa: huweka milioni 30 kando ya milioni 1 na safari ikaonekana kama bahati nasibu iliyokwisha kushinda. Lakini mauzo si faida. Ikiwa kampuni hubakiwa na asilimia 15 baada ya kulipia bidhaa, kinachopatikana ni milioni 4.5. Tena mteja bado hajasaini. Kama nafasi ya kumpata ni moja kati ya tatu, thamani ya safari ni milioni 1.5, nayo inazidi gharama kwa laki tano. Nafasi ikiwa moja kati ya tano, thamani inashuka hadi laki tisa, na safari ni hasara.

Kwa hiyo ombi zima linasimama juu ya nafasi hiyo, na hapo ndipo pa kutumia maneno. Je, kiwanda kimeomba sampuli? Kimetaja tarehe ya kukutana? Atakayekuwepo ni mwenye mamlaka ya kusaini, au ni karani wa stoo atakayesema "nitawafikishia wakubwa"? Mteja wa zamani wa Mwanza ambaye huagiza kwa simu kila mwezi asiingizwe kwenye hesabu. Ataagiza hata usipokwenda.

Bosi makini atauliza pia: kwa nini usisubiri waje Maonesho ya Sabasaba mwezi Julai? Jibu liwe ndani ya dokezo kabla hajauliza, mathalani kwamba kiwanda kinachagua mwuzaji mwezi Machi. Na kwa nini usipande basi? Barabara hiyo inapita kilomita 1,100. Utaokoa sehemu ya nauli na kupoteza takribani siku mbili za kazi, nazo zina mshahara wake.

Ukiidhinishiwa, tunza risiti. Katika ofisi nyingi, masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati hukatwa kwenye mshahara, hata kama mkataba ulisainiwa.