PS5 Inasoma Kadi ya TV Yako

"Mjomba, hii PS5 nimeuziwa mbovu," mpwa wangu alinipokea hivyo kabla hata sijavua viatu.

TV yao ni Sony Bravia ya inchi 55, imefungwa ukutani sebuleni, na boksi lake bado liko juu ya kabati kwa sababu dada yangu hatupi maboksi. Ubavuni mwa boksi limeandikwa kwamba TV inapokea picha za 4K kwa 120 Hz, yaani picha 120 kila sekunde. Lakini kwenye PS5, ukurasa wa Video Output Information ulionyesha 60 Hz, na 120 haikuonekana popote. Miezi minne kijana alikuwa akicheza kwa nusu ya kile kilicholipiwa.

PS5 haikuwa mbovu. Ilikuwa imedanganywa na TV.

Konsoli haina macho ya kuiona TV yako wala haijui umeinunua kwa bei gani. Unapochomeka waya, kabla ya picha yoyote kutokea, TV huipa konsoli taarifa fupi ya uwezo wake: ukubwa wa picha ninaopokea ni huu, kasi yangu ni hii, rangi zangu ni hizi. Ichukulie kama kadi inayopitishwa mlangoni. Konsoli huisoma, huiamini, na haitumi kitu kisichoandikwa humo. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba TV moja ina kadi zaidi ya moja. Kila tundu la HDMI lina yake, na tundu lilelile linaweza kutoa kadi tofauti kutegemea ulivyolipanga kwenye menyu.

Tuanze na matundu. Niliwasha tochi ya simu nikachungulia nyuma ya TV. Yalikuwa manne. PS5 ilikuwa kwenye HDMI 1, saundiba kwenye HDMI 3, king'amuzi kwenye HDMI 4. Pembeni ya la tatu na la nne paliandikwa, kwa herufi ndogo kama za dawa, 4K 120Hz. La kwanza na la pili hayakuwa na maandishi hayo.

Tofauti hiyo ni ya upana wa njia. Picha moja ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane. Kuzituma mara 60 kwa sekunde, kwa rangi za kawaida, kunahitaji karibu gigabiti 18 kwa sekunde, na hicho ndicho kimo cha HDMI 2.0. Ukitaka mara 120, mzigo unakuwa mara mbili na njia ile haitoshi. HDMI 2.1, iliyotangazwa mwaka 2017, ilipandisha kimo hadi gigabiti 48. Watengenezaji wengi huweka matundu mawili tu ya aina hiyo, na kuna TV za Samsung zenye moja pekee, ambalo kwa kawaida ni la nne. LG kwenye baadhi ya TV zake za OLED ameyafungua yote manne, na hapo huna haja ya tochi. Kama TV yako haina maandishi nyuma, angalia kijitabu chake.

Kwa mpwa wangu palikuwa na mtego mwingine. Tundu la tatu lina pia alama ya eARC, ambayo ndiyo njia ya kurudisha sauti kwenye saundiba. Kwa hiyo mwenye saundiba amebaki na tundu moja tu la kasi, na akiwa na PS5 na Xbox itabidi achague. Nilichomoa king'amuzi kwenye la nne nikakipeleka la kwanza, PS5 ikachukua nafasi yake. King'amuzi hakipungukiwi na chochote huko.

Tukawasha. Bado 60 Hz.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na kusema kweli siwalaumu. Kwenye Bravia, tundu zuri pia hutoka kiwandani likiwa limefungwa kwenye Standard format, yaani linaonyesha kadi ya uwezo mdogo. Kuna sababu: baadhi ya vifaa vya zamani vikiona kadi ndefu huchanganyikiwa, skrini ikabaki nyeusi au sauti ikakosekana. Mtengenezaji anaona heri TV ijishushe kuliko mteja airudishe dukani.

Kulifungua, ingia Settings, kisha Channels & Inputs, kisha External inputs, kisha HDMI signal format. Kwenye Bravia za nyuma kidogo njia hupitia Watching TV. Utaona matundu yameorodheshwa. Chagua lile lililochomekwa konsoli, sio lingine, kwa kuwa mpangilio ni wa tundu moja moja. Halafu chagua Enhanced format, na kama orodha ina maneno yanayotaja 4K120 au VRR, chagua hayo. Skrini huwa nyeusi kidogo. Ni TV inabadilisha kadi. La king'amuzi liache kwenye Standard. Kwenye Samsung kitu hichohicho huitwa Input Signal Plus, na kwenye LG ni HDMI Deep Colour.

Upande wa PS5 kazi ni fupi: Settings, Screen and Video, Video Output, kisha Enable 120 Hz Output iwe Automatic. Michezo mingi inahitaji pia ruhusa ya kupunguza urembo wa picha ili ipate kasi, kwa hiyo kwenye Game Presets weka Performance Mode.

Sasa 120 ikaonekana. Mpwa wangu akakimbilia FIFA 23, akacheza dakika tano, akanigeukia. "Mbona ni ileile?" Ni ileile kweli. Mchezo huo unachezwa kwa picha 60, na TV haiwezi kuzalisha picha ambazo mchezo haukuzichora. Nikamfungulia Fortnite, ambayo ina kitufe chake chenyewe cha 120 FPS Mode ndani ya mipangilio ya picha. Skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja ilipobadili kasi, na alipozungusha kamera kwa haraka, kuta za nyumba hazikuacha mkia nyuma yake. Kila picha inakaa milisekunde 8 badala ya karibu 17. Alikaa kimya, jambo ambalo kwake ni adimu.

Waya hatukuugusa, kwa sababu ulikuwa ule uliokuja na PS5, nao unaweza 4K kwa 120. Ukiununua mwingine, tafuta maneno Ultra High Speed kwenye kifungashio. Dalili za waya mbaya ni tofauti na za tundu baya. Kadi husomwa kwa nyuzi za polepole, ambazo hata waya hafifu huzimudu, kwa hiyo konsoli itakubali 120 bila shida. Kisha mchezo ukikolea, picha inakatika, inarudi, au inamwagikiwa na vinukta vyeupe. Ukiona hayo huku huna waya mwingine, nenda kwenye 4K Video Transfer Rate ujaribu -1. Hupunguza taarifa za rangi ili mzigo uwe mwepesi. Lakini kama 120 haijatokea kabisa kwenye orodha, rudi kwenye tundu na menyu, usikimbilie duka la nyaya.

Usiku, nikiwa nimeshafika nyumbani, dada yangu alipiga simu. Saa mbili ilikuwa inakaribia, anataka taarifa ya habari, na kila akibonyeza HDMI 4 anaona watu wanarukaruka na bunduki.

"Bonyeza moja, dada," nikamwambia. "King'amuzi kimehamia moja."