Panga Kazi ya Utafiti Ukianzia Mwisho

Mwaka wa mwisho wa falsafa hudai kazi moja ndefu ya utafiti. Wengi hupanga ratiba kuanzia Oktoba kwenda mbele, na Aprili ikifika hugundua kwamba hawakuwawekea nafasi watu wengine ambao kazi inapitia mikononi mwao. Ni salama zaidi kuhesabu kurudi nyuma.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anayeishi Bunda anataka kuandika juu ya “Elimu katika falsafa ya Nyerere.” Mada hiyo haina mwisho. Msimamizi atamwomba aigeuze kuwa swali moja linalojibika kwa maandishi machache, kwa mfano: kazi za mikono zina nafasi gani katika “Elimu ya Kujitegemea” ya 1967, na je, Azimio la Musoma la 1974 lilibadilisha nafasi hiyo? Azimio hilo lilitaka vijana wengi wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, kwa hiyo swali lina uzito. Ukishindwa kulisema swali lako katika sentensi moja, mada bado ni pana.

Tuseme tarehe ya kuwasilisha ni 30 Aprili. Kuchapa na kujalidi kunahitaji wiki moja, hivyo maandishi yawe tayari 23 Aprili. Kabla yake weka wiki mbili za kusahihisha, na kabla ya hizo wiki mbili za msimamizi kusoma. Tunafika 26 Machi. Lakini Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na Juma Kuu halina nafasi ya kusoma rasimu. Ongeza wiki moja: rasimu nzima imfikie msimamizi 19 Machi.

Sura tatu, wiki tatu kila moja, zinaturudisha 15 Januari. Hapo ndipo kuandika kunapoanza, si kusoma. Kusoma na mahojiano vikamilike kabla ya hapo. Mwanafunzi wetu atatumia likizo ya Krismasi kuzungumza na wazee nyumbani Bunda waliosoma au kufundisha miaka ile, na kwenda Butiama kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Barua ya utambulisho aiombe Novemba, maana likizo ikishaanza wenye kutia sahihi hawapo ofisini. Swali lenyewe liwe limekubaliwa ifikapo katikati ya Oktoba.

Dalili ya kuchelewa ni hii: Februari madaftari ya nukuu yanaongezeka, lakini kwa wiki mbili hujapata ukurasa mpya wa sura. Hapo usiongeze kitabu kingine. Punguza swali. Mwanafunzi wetu anaweza kuliacha Azimio la Musoma libaki aya chache za hitimisho, akashughulika na maandishi ya 1967 peke yake. Ila amwone msimamizi kwanza, kwa sababu swali likibadilika, kichwa cha kazi nacho hubadilika.