Arbuni ya Gari: Ilinde Kabla Haijatoka Mfukoni

Gari umelipenda na bei mmepatana, ila pesa zote bado huna. Muuzaji anakwambia uweke arbuni, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, ili asiliuze kwa mwingine. Wanunuzi wengi huumia hapo, kwa sababu hutuma pesa kwanza, masharti wakayaulizia baadaye.

Tuseme mwalimu wa Likoni amepata Toyota Vitz katika yadi moja mjini Mombasa kwa shilingi 900,000. Anategemea mkopo wa benki, na jibu atalipata baada ya wiki mbili. Yadi inataka arbuni ya shilingi 50,000. Akizilipa na kupewa risiti yenye maneno "dipoziti ya gari" basi, kisha benki ikamnyima mkopo, je, zitarudi?

Huenda zisirudi. Katika sheria ya mikataba inayofuatwa Kenya, arbuni ni dhamana kwamba mnunuzi hatarudi nyuma. Akishindwa kumaliza salio, kwa kawaida muuzaji ana haki ya kuizuia. Pesa zikiwa ni sehemu tu ya bei, mnunuzi ana nguvu zaidi ya kuzidai, ingawa muuzaji naye anaweza kudai hasara aliyoipata. Lakini muuzaji akivunja ahadi mwenyewe, kwa mfano akiliuza gari kwa mtu mwingine, hana haki ya kukaa na arbuni hiyo.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, mwalimu na yadi watie saini karatasi moja yenye maneno kama haya:

"Yadi imepokea shilingi 50,000, ambazo ni sehemu ya bei ya shilingi 900,000 ya gari lenye nambari ya usajili na ya chasisi zilizoandikwa hapa. Yadi haitaliuza gari hili kwa mwingine kwa siku 21. Pesa zote zitarudishwa ndani ya siku 7 iwapo benki itakataa mkopo kwa barua, fundi atakuta kasoro kubwa katika injini au giaboksi, au umiliki hautaweza kuhamishwa. Mnunuzi akighairi kwa hiari yake, yadi itakata shilingi 10,000."

Nambari ya chasisi imo kwa sababu yadi inaweza kuwa na Vitz tatu za rangi moja. Siku ni 21, si 14, ili jibu la benki likichelewa kidogo gari liwe bado lipo. Makato ya shilingi 10,000 nayo ni haki, maana yadi itakuwa imewafukuza wateja wengine. Yadi ikikubali yote kwa mdomo lakini ikakataa kuyaandika, pesa zibaki mfukoni. Na kama kitabu chao cha risiti kimechapishwa "pesa hazirudishwi", maneno hayo yafutwe na pande zote zitie saini kabla ya malipo.

Kwa mtu binafsi, hatari kubwa ni kwamba anayeuza huenda si mwenye gari. Kabla ya arbuni, fanya upekuzi wa rekodi za gari katika huduma za NTSA kupitia eCitizen, kwa ada isiyofika shilingi 1,000. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha muuzaji, kisha nambari ya chasisi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Ukikuta jina la benki limeandikwa pamoja na la muuzaji, gari bado lina deni. Usimpe muuzaji chochote hadi benki itoe barua inayotaja salio na kukubali umiliki uhamishwe likishalipwa.

Pesa za yadi zilipwe kwenye akaunti ya benki au nambari ya M-Pesa yenye jina la yadi, si kwenye simu ya mfanyakazi wake. Kwa mtu binafsi, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo liwe lile lile la rekodi. Dalali akisema mwenye gari yuko safarini na arbuni aipokee yeye, malipo yasubiri.

Ugomvi ukizuka, peleka barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kurejeshewa. Ukipuuzwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili, mkononi ukiwa na karatasi ya makubaliano, ujumbe wa malipo na barua ya benki. Hata hivyo, hukumu humfaa tu anayejua pa kumpata mdaiwa. Ndiyo maana jina halisi na anwani ya muuzaji ni sehemu ya ulinzi wa arbuni, sawa na saini yake.