Jinsi SMS Inavyomtafuta Mwenyewe

Zamani, ishara za kuunganisha simu zilipita kwenye waya uleule wa maongezi. Huko Marekani wajanja waligundua kwamba mlio wa hezi 2600 unaweza kuihadaa mitambo, wakapiga simu za mbali bila kulipa. Mfumo wa Ishara Namba Saba, SS7, uliosanifiwa mwaka 1980, ulizipa ishara njia yake peke yake. Kabla sauti haijapita, vituo vya simu huarifiana: kuna simu ya namba fulani, inaita, imepokewa, imekatwa.

SMS husafiri katika njia hiyo ya ishara. Kwa kuwa nafasi ni finyu, ujumbe mmoja ulipewa baiti 140, ambazo zinatosha herufi 160 za kawaida.

Tuseme Asha wa Mombasa anamwandikia kaka yake mwenye laini ya Tanzania, aliyesafiri kwenda Muscat. Ujumbe hufika kwanza kwenye kituo cha SMS cha mtandao wa Asha. Kituo hicho huiuliza rejista kuu ya mtandao wa kaka Tanzania: mteja huyu yuko wapi? Rejista hutaja kituo cha Muscat kinachomhudumia, kwa sababu simu yake ilipowashwa huko, kituo hicho kilituma taarifa Tanzania. Basi ujumbe huelekezwa Muscat. Simu ikiwa imezimwa, SMS husubiri kwenye kituo cha mtandao wa Asha hadi atakapopatikana.

Udhaifu uko kwenye taarifa ile ya Muscat. SS7 ilibuniwa kwa ajili ya mashirika machache yaliyoaminiana, kwa hiyo rejista haidai uthibitisho. Mhalifu aliyepata mlango wa kuingia anaweza kudai kwamba mteja yuko kwake, na SMS zote zikamfuata yeye. Mwaka 2017 wezi walifanya hivyo Ujerumani. Kwanza waliiba nywila za benki za wateja, kisha wakanasa namba za uthibitisho zilizotumwa kwa SMS, wakahamisha fedha. Mitandao mingi sasa hukagua taarifa hizo: simu iliyokuwa Dar es Salaam dakika tano zilizopita haiwezi kuwa Muscat.

Katika 4G, kazi ya kuulizia wateja ilichukuliwa na Diameter, na kuunganisha maongezi kukaachiwa SIP. Lakini Diameter nayo ilirithi sehemu kubwa ya kuaminiana kule. 5G ndiyo iliyoweka mlinzi kati ya mtandao na mtandao, aitwaye SEPP, anayehakiki ujumbe umetoka kwa nani na kuufunga kwa msimbo.

Hata hivyo, maadamu simu za 2G na 3G zingali hewani, SS7 itabaki kazini, na mlango wake utabaki wazi. Kwa akaunti ya fedha, programu ya kuzalisha namba za uthibitisho ndani ya simu yenyewe ni salama kuliko SMS, kwa sababu namba hiyo haisafiri kwenye mtandao wa ishara.